Ulinzi wa faragha ya kikoa: unaficha nini hasa, na mwenye tovuti ndogo aulipie?

Ukifika kwenye ukurasa wa malipo wa msajili wa vikoa, chini ya jina ulilochagua utakuta kisanduku kimeandikwa `Domain Privacy` au `WHOIS Protection`, na mara nyingi kimeshawekewa alama ya vema kabla hujagusa chochote. Kwa wasajili wengine huduma hiyo ni bure, kwa wengine ni dola kadhaa zinazojirudia kila mwaka. Maelezo yake yanataja wadukuzi na wezi wa utambulisho, na mnunuzi mgeni hulipa kwa woga tu.

Kinachouzwa pale ni pazia juu ya mistari michache ya rekodi moja ya umma. Hakizuii mtu kuvunja nenosiri lako wala kuingiza virusi kwenye tovuti, na hakifichi kampuni inayohifadhi mafaili yako. Ili ujue kama pazia hilo lina thamani kwako, inabidi kwanza uione hiyo rekodi.

Rekodi yenyewe

Kila kikoa kina rekodi ya usajili inayosema kilisajiliwa lini, kwa nani, kinaisha lini na kinatumia seva gani za majina. Tangu miaka ya 1980 rekodi hizo zilisomwa kwa itifaki inayoitwa WHOIS: unauliza jina, unajibiwa kila kitu bila kuulizwa wewe ni nani. Kwa vikoa kama `.com` na `.org`, vinavyosimamiwa kwa sera za shirika la ICANN, jibu lilikuwa na jina kamili la mmiliki, anwani ya posta, namba ya simu na barua pepe.

Waliofaidi zaidi uwazi huo walikuwa watuma barua taka. Orodha ya majina yote ya `.com` hutolewa upya kila siku kwa wanaoiomba. Mtu analinganisha orodha ya leo na ya jana, anapata majina yaliyozaliwa usiku, anauliza WHOIS kwa kila jina, na kufikia asubuhi ana barua pepe na simu za watu waliotoka tu kununua kikoa na ambao bila shaka wanatafuta wa kuwatengenezea tovuti. Ndiyo maana siku ya pili baada ya kusajili mtu alikuwa akipokea barua za "tutakupandisha Google", ankara za uongo zinazofanana na za kuhuisha kikoa, na ile ya kampuni ya mbali inayodai kuna mtu anataka kusajili jina lako kwa `.cn`, hivyo uwahi kulipa. Ulinzi wa faragha ulizaliwa kuziba tundu hilo, na enzi zile ulistahili kulipiwa.

Mwaka 2018 mambo yaligeuka. Sheria ya Ulaya ya kulinda taarifa binafsi, GDPR, ilianza kutumika tarehe 25 Mei, na siku chache kabla ya hapo ICANN ilipitisha kanuni za muda zilizowaruhusu wasajili kuficha taarifa za watu kwenye rekodi. Kwa kuwa kumtenganisha mteja wa Ulaya na wa kwingineko ni kazi, wasajili wengi waliamua kuwafichia wote, Mtanzania na Mkenya wakiwemo. Kisha tarehe 28 Januari 2025 wasajili wa vikoa hivi walifunguliwa kutoka kwenye wajibu wa kuendesha WHOIS, na mfumo rasmi ukawa RDAP, ingawa watu bado wanaiita WHOIS kwa mazoea.

Chukua mfano wa mshonaji wa sare za shule Morogoro aliyesajili `.com` kwa msajili wa aina hiyo, bila kununua ulinzi wowote. Mtu akitafuta jina lake leo atapata kitu kama hiki:

```
Creation Date: 2025-03-04T08:12:31Z
Registry Expiry Date: 2026-03-04T08:12:31Z
Domain Status: clientTransferProhibited
Registrant Name: REDACTED FOR PRIVACY
Registrant Organization: Sare Bora Morogoro
Registrant Street: REDACTED FOR PRIVACY
Registrant State/Province: Morogoro
Registrant Country: TZ
Registrant Phone: REDACTED FOR PRIVACY
Name Server: NS1.MFANO-HOSTI.COM
```

Jina lake, mtaa wake na simu yake havionekani. Penye barua pepe, msajili huweka kiungo cha fomu au anwani ya kubuni inayopeleka ujumbe kwa mhusika bila kumtaja. Kwa maneno mengine, sehemu kubwa ya kile ambacho kisanduku cha malipo kinaahidi kuficha imeshafichwa bure.

Yanayobaki wazi ni mkoa, nchi, tarehe, hali ya kikoa, seva za majina, na mstari mmoja unaowaponza wengi: `Registrant Organization`. Mstari huo ni wa hiari. Ukiujaza unaweza kuonyeshwa, na zaidi ya hapo, kwa sera za ICANN shirika lililotajwa pale ndilo linalohesabiwa kuwa mmiliki wa kikoa. Mtu aliyetajwa kwenye `Registrant Name` anabaki kuwa mhusika wa mawasiliano tu. Mshonaji wetu akiandika pale jina la duka ambalo halijasajiliwa popote, ameonyesha alichodhani kimefichwa, na amempa umiliki mtu asiyekuwepo kisheria. Kama biashara yako haina usajili rasmi, uache mstari huo mtupu. Kama ni kampuni, andika jina lile lile lililo kwenye cheti cha BRELA au cha msajili wa kampuni wa nchi yako, maana ndilo utakalotakiwa kulithibitisha siku ukipoteza akaunti.

Kufichwa na kuwakilishwa ni mambo mawili

Kuna njia mbili za kuondoa jina lako kwenye rekodi, na ukurasa wa malipo huzichanganya. Ya kwanza ndiyo hiyo tuliyoiona: taarifa zako zipo kwenye daftari la msajili, wewe ndiye mmiliki, ila hazionyeshwi kwa umma.

Ya pili ni wakala. Hapo kampuni nyingine inaandikwa mahali pako. Ukisajili kwa Namecheap na kuwasha huduma yao, rekodi itaonyesha Withheld for Privacy ya Reykjavik, Iceland. Kwa GoDaddy kampuni ya kazi hiyo inaitwa Domains By Proxy. Kwa mtazamo wa rekodi, mwenye kikoa ni wakala. Wewe una mkataba naye unaokupa haki ya kukitumia na kukiongoza.

Faida ya wakala ni kwamba hata mkoa, nchi na jina la shirika hutoweka. Lakini usimchukulie kama mlinzi wa siri zako. Mkataba kati ya ICANN na wasajili unasema aliyeandikwa kwenye rekodi anabeba dhima ya madhara yanayofanywa kwa kikoa hicho, isipokuwa akimtaja mtumiaji halisi ndani ya siku 7 baada ya kupewa ushahidi wa kuridhisha. Hakuna wakala wa dola chache atakayebeba dhima kwa ajili yako. Mtu akilalamika kwamba umetumia alama yake ya biashara, au mahakama ikitoa amri, jina lako litatolewa. Masharti ya huduma uliyoyakubali bila kuyasoma yanasema hivyo.

Kuna tukio linaloonyesha hatari ya upande wa pili. Mwaka 2007 msajili mmoja wa Marekani, RegisterFly, alianguka na ICANN ikamfutia kibali. Vikoa vyake vilihamishiwa kwa msajili mwingine, lakini waliokuwa wametumia huduma ya kuficha walipata taabu kuthibitisha kuwa ni wao, kwa kuwa kumbukumbu zilizokuwepo zilimtaja wakala. Tangu hapo kanuni za kuhifadhi nakala za taarifa za wateja zimekazwa. Hata hivyo risiti zako za malipo zihifadhi nje ya akaunti ya msajili, tena zenye jina lako halisi.

Pima kabla ya kulipa

Usibahatishe: itazame rekodi kwa macho yako. Njia rahisi ni kufungua `lookup.icann.org` na kuandika kikoa. Kwenye kompyuta yenye Linux au Mac unaweza kuandika:

```
whois mfano-wako.com
```

Kama jibu limekosa sehemu ya mmiliki kabisa, usidhani umefichwa. Kwa `.com`, Verisign anayetunza daftari kuu ana tarehe na seva za majina tu. Taarifa za mmiliki ziko kwa msajili, na jibu la kwanza linakutajia seva ya msajili huyo. Uliza tena huko:

```
whois -h whois.msajili-wako.com mfano-wako.com
```

Jina la seva lichukue kwenye mstari wa `Registrar WHOIS Server`. Isipojibu, huenda msajili ameshaizima, hivyo rudi `lookup.icann.org`. Ukiona `REDACTED` penye jina, mtaa na simu, na barua pepe yako halisi haionekani, huna sababu ya kulipia. Kama bado hujasajili, tafuta rekodi ya kikoa cha mtu mwingine aliyesajili kwa msajili huyo huyo, uone anavyoonyeshwa.

Kwa vikoa vya nchi hesabu ni nyingine. `.tz` na `.ke` zina wasimamizi wao wa kitaifa, na sera za ICANN kuhusu rekodi za `.com` haziwafungi. Kenya ina sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi ya 2019 na Tanzania ya 2022, lakini kitakachoonekana kwenye skrini kinategemea kanuni za daftari la nchi husika. Huduma ya faragha uliyoinunua kwa ajili ya `.com` huenda isifanye kazi kabisa kwa `.co.tz`. Kuna hata nchi zilizoikataa: kwa `.us`, serikali ya Marekani ilipiga marufuku usajili kwa jina la wakala tangu 2005. Dawa ni ile ile ya kutafuta rekodi ya kikoa kinachofanana na chako kabla ya kutoa taarifa zako, kwa sababu baadaye ni kuchelewa. Yapo makampuni yanayokusanya rekodi hizi na kuuza kumbukumbu za miaka ya nyuma. Simu iliyoonekana kwa wiki moja mwaka 2016 bado inanunulika, na kuwasha ulinzi leo hakuifuti kule.

Kama rekodi inaonyesha kila kitu na huwezi kuwasha ulinzi, bado una nafasi ya kuchagua unachoandika. Sanduku la posta ni anwani ya posta halali, na kwetu ndilo lililozoeleka, S.L.P. haimwambii mtu unalala wapi. Tumia barua pepe uliyoifungua kwa ajili ya vikoa pekee. Simu ndiyo ya kufikiria zaidi, kwa sababu hapa kwetu namba ya simu ni kitambulisho: mtu akianza kukutumia pesa, skrini humwonyesha jina ulilosajilia laini kabla hajathibitisha. Weka laini ya biashara, usiweke ile ya familia.

Usiandike uongo, lakini. Wapo wanaoandika "Mtaa wa Kwanza" na simu ya sufuri tupu wakidhani wamepata faragha ya bure. Taarifa za uongo ni sababu tosha ya kusimamishiwa kikoa: msajili akikuuliza juu ya usahihi wake na ukakaa siku 15 bila kujibu, umevunja mkataba. Na siku akaunti ikiibwa, utatakiwa kuonyesha kitambulisho kinacholingana na kilichoandikwa.

Siku 15 hizo zina mtego mwingine unaowanasa hata wakweli. Baada ya kusajili au kubadilisha taarifa za mmiliki, msajili hutuma kiungo cha kuthibitisha barua pepe kwenye anwani yako halisi, hata kama una wakala. Usipokibofya ndani ya siku hizo, tovuti inazimwa. Wengi hukipuuza wakidhani ni utapeli. Dalili yake ni tovuti kutoweka ghafla pamoja na barua pepe zake, wakati kikoa hakijaisha muda na hosti anasema upande wake ni mzima. Angalia rekodi, ukikuta `clientHold`, yaani msajili amekisimamisha kikoa, ingia kwenye akaunti ya msajili kwa kuandika anwani yake mwenyewe, omba kiungo kitumwe upya, na ukibofye.

Kile pazia lisichofunika

Turudi kwa mshonaji wa Morogoro, tuseme amelipia wakala na rekodi yake haina hata neno moja linalomhusu. Mtu anayetaka kumjua anaanzia wapi?

Anaanzia kwenye tovuti yenyewe, maana duka lina namba ya WhatsApp na lipa namba, na lipa namba huonyesha jina lililosajiliwa. Kama tovuti ni ya WordPress na haikurekebishwa, anwani hii mara nyingi hutoa majina ya waandishi wake:

```
https://mfano-wako.com/wp-json/wp/v2/users
```

Kisha kuna rekodi za DNS, zile zinazoelekeza jina la kikoa kwenye seva zake, ambazo ni za umma kwa asili yake. Rekodi ya SOA ina nafasi ya barua pepe ya msimamizi, na baadhi ya hosti hujaza pale barua pepe ya mteja. Jiangalie kwa amri hii:

```
dig +short SOA mfano-wako.com
```

Neno la pili kwenye jibu ndilo barua pepe, ila alama ya `@` imebadilishwa kuwa nukta. Ukiona jina lako limefuatwa na `gmail.com`, mwombe hosti alibadilishe. Nenda pia `crt.sh` uandike kikoa chako. Kila cheti cha usalama kinachotolewa na watoaji wanaoaminiwa na vivinjari huorodheshwa hadharani, hivyo `majaribio.mfano-wako.com` uliyodhani unaijua peke yako huenda imo humo, labda pamoja na tovuti ya mteja mwingine iliyowekwa kwenye cheti kimoja na yako. Namba ya akaunti ya matangazo ya AdSense nayo imo ndani ya kurasa, na inaunganisha tovuti zote unazoziendesha kwa akaunti hiyo.

Barua taka nazo haziishi. Zitapungua zile zilizotegemea rekodi, lakini watumaji sasa wanachuma anwani kwenye kurasa za mawasiliano, au wanabahatisha kuanza na `info@`.

Basi nani alipie?

Duka, saluni, shule au kanisa lenye `.com` kwa msajili anayeficha taarifa mwenyewe halina cha kununua pale. Kama huduma ni bure, iwashe. Namecheap, Porkbun na Cloudflare hawatozi kwa vikoa vinavyoruhusu. Kama msajili wako anadai pesa kwa kitu ambacho wenzake wanakitoa bure, hiyo ni sababu ya kulinganisha na bei zake nyingine, hasa bei ya kuhuisha mwaka wa pili.

Anayehitaji wakala kweli ni yule ambaye hata mkoa wake ni siri: mwandishi wa habari za uchunguzi, mtu anayesaidia wanaokimbia ukatili majumbani, mtu anayewindwa na aliyewahi kuishi naye. Huyo kisanduku kimoja hakimtoshi. Akiwasha wakala huku picha zake zimebeba taarifa za mahali zilipopigwa, amefunga dirisha na mlango uko wazi.

Na kuna hali ambayo ufichaji unamdhuru mwenye tovuti. Kwetu watu wengi hawasajili kikoa wenyewe. Wanamlipa fundi, naye anakisajili ndani ya akaunti yake pamoja na vya wateja wengine thelathini. Zamani mteja alitafuta WHOIS na kuona mara moja kama limeandikwa jina lake au la fundi. Sasa anaona `REDACTED` tu na hana namna ya kujua. Anaendelea kulipa kila mwaka, mpaka siku wanapokosana au fundi anapobadilisha namba.

Ujue mapema. Mwombe fundi picha ya skrini ya ukurasa wa mawasiliano ya kikoa ndani ya akaunti ya msajili, penye `Registrant`. Jina liwe lako au la kampuni yako, na barua pepe iwe unayoifungua wewe. Usitumie barua pepe iliyo kwenye kikoa hicho hicho, kwa sababu kikoa kikizimwa nayo inazimika na hutapata kiungo cha kukirudisha. Kisha jaribu: fungua rekodi ya umma, bofya kiungo cha fomu kilicho penye `Registrant Email`, jitumie ujumbe. Ukikufikia, msajili anakutambua wewe. Usipofika ndani ya siku moja au mbili, angalia kwanza folda ya barua taka, halafu muulize fundi. Kama ni wakala jaribio hili haliaminiki sana, kwani baadhi yao huchuja au kutupa ujumbe.

Ukikuta kikoa kiko kwa jina la fundi, njia nyepesi ni kufungua akaunti yako kwa msajili huyo huyo na kumwomba akisukume huko. Kwa kawaida ni bure na huchukua dakika chache. Kuhamia msajili mwingine kunahitaji msimbo wa idhini, kufungua kufuli la uhamisho la `clientTransferProhibited`, na wasajili wengi huzuia uhamisho kwa siku 60 baada ya mmiliki kubadilishwa. Kwa hiyo kama kikoa kinakaribia kuisha, kihuishe kwanza pale kilipo, ndipo uanze kubadilisha majina.